Sutikesi ya Safari za Kila Mara: Anzia Chini, Kwenye Magurudumu

Katika maduka ya Mombasa, kuanzia Barabara ya Digo hadi vichochoro vya Marikiti, sutikesi hupangwa zimesimama, kubwa nyuma na ndogo mbele, zile za kung'aa zikiangalia barabara. Muuzaji atakuuliza rangi, kisha saizi. Mjibu kwa upole kwamba wataka kwanza kuilaza chali.

Sutikesi ya mtu anayesafiri kila mara hufia mahali patatu: kwenye gurudumu, kwenye mkono wa kuvutia, au kwenye zipu. Ganda lenyewe, liwe gumu au la kitambaa, mara nyingi huwa la mwisho kushindwa. Wengi huanza kwa kuuliza "ngumu au laini?" Swali hilo si baya, ila jibu lake hutegemea mambo ambayo bado hujayaangalia. Ndiyo maana hapa tunapanda kutoka chini kwenda juu.

1. Andika njia yako kipande kwa kipande

Kusema "Mombasa hadi Nairobi kwa treni" hakutoshi. Andika mlango hadi mlango: ngazi za nyumbani, kichochoro, tuktuk, feri, matatu, kituo cha Miritini, behewa, kisha Syokimau na gari la kuingia mjini. Mbele ya kila kipande jiulize mambo mawili: hapo sutikesi inakanyaga nini, na nani anainyanyua.

Anayekaa Kizingo na kuchukua teksi hadi uwanja wa ndege wa Moi, sutikesi yake hukanyaga sakafu laini tu, lakini hunyanyuliwa na watu asiowaona, na hao hawaibembelezi. Wa Likoni ana mteremko wa kivuko na mabamba ya chuma ya feri, watu wakimsukuma nyuma na mbele. Anayekwenda Lamu kwa basi huteremka Mokowe, hushuka gatini, huingia boti, na ng'ambo ya pili humpokea vichochoro visivyoingia gari. Watu hawa watatu wakinunua sutikesi ya aina moja, wawili watajuta.

2. Magurudumu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine pote.

Kuna mawili na kuna manne. Sutikesi ya magurudumu manne husimama wima na kuzunguka kila upande, uzito wote ukiwa sakafuni. Kwenye vigae vya uwanja wa ndege huisukuma kwa kidole, na mwenye mgongo mbovu au bega linalouma anastahili raha hiyo. Lakini kila gurudumu limening'inia kwenye mguu mfupi unaotokeza nje ya ganda, sentimita nne au tano hivi, na mguu huo ndio unaovunjika sutikesi inapotupwa kwenye buti au kukwaruzwa kwenye ukingo wa barabara. Juu ya kabro za Mji wa Kale magurudumu hayo madogo hutetema na kuingia kwenye nafasi za mawe. Na kwenye mteremko wa kivuko hayana breki: ukiachia mkono utafute simu, sutikesi inashuka majini mbele yako, au inamgonga mama aliye mbele.

Magurudumu mawili huwa makubwa zaidi, nusu yake yamezama ndani ya pembe za sutikesi, na yanaelekea upande mmoja tu. Huna budi kuiinamisha na kuivuta nyuma yako, na sehemu ya uzito inakaa mkononi. Lakini yanapanda ukingo, yanavuka changarawe, na ukiisimamisha kwenye mteremko inakaa. Faida nyingine hutokea kwenye begi la kuingia nalo ndegeni. Mashirika mengi huruhusu urefu wa sentimita 55, na kipimo hicho huhesabu magurudumu pamoja na mkono uliofungwa. Yakiwa manne, zile sentimita za miguu umezilipia na hazibebi hata soksi.

Ukishaamua idadi, pima ubora. Sutikesi ikiwa chali, zungusha kila gurudumu kwa kidole. Linalotakiwa huzunguka kwa muda, kimya, na kusimama taratibu. Likikwama ghafla au likikwaruza, ekseli imepinda au halina beringi. Kisha lishike kwa vidole viwili ulitikise kushoto na kulia. Kuchezacheza kidogo ni kawaida, lakini likiyumba hadi kugusa ukuta wake, likae palepale dukani.

Sasa fungua sutikesi uangalie ndani, kwenye pembe za chini. Bitana nzuri ina zipu yake, nawe ukiifungua utaona magurudumu yamefungwaje. Yakiwa na skrubu, fundi wa mabegi ataweza kuyatoa na kuweka mengine. Yakiwa na ribiti zilizopigwa moja kwa moja, itabidi azikate kwanza, na pengine ganda lipasuke. Bitana iliyoshonwa pande zote, isiyo na mlango, inamaanisha fundi ataanza kazi kwa wembe.

Kuna jambo moja la Pwani ambalo mtu wa Nairobi huenda asilipate upesi kama sisi. Magurudumu mengi yanayokwenda kimya yamevikwa PU, ile plastiki laini kama mpira. PU ya aina nyingi huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa, pole pole, na joto huharakisha. Haihitaji hata kutembea. Sutikesi iliyokaa miaka juu ya kabati Majengo au Kisauni huteremshwa ikiwa inaonekana mpya, na kabla ya kufika stendi magurudumu yameanza kumomonyoka kama keki kavu. Ugonjwa huohuo hushika utando wa ndani ya bitana, ukawa unanata na kubanduka vipande vyeusi juu ya nguo.

Kwa hiyo kwa sutikesi ya mtumba kutoka Kongowea, au ile iliyokaa dukani hadi vumbi limeganda, bonyeza ukucha kwenye gurudumu. Likiwa zima, alama hurudi na kupotea. Likinata, likiacha unga kidoleni, au ukiona nyufa nyembamba kuzunguka duara, hesabu kabisa gharama ya magurudumu mapya. Magurudumu ya plastiki ngumu hayamomonyoki hivyo, ila yana kelele na huteleza kwenye vigae vyenye maji. Ukinunua ya PU, itumie. Kuiweka kwa ajili ya safari maalumu ndiko kunakoiua.

3. Mkono wa kuvutia

Uvute mpaka mwisho. Una vituo viwili au vitatu, na kila kimoja kinatakiwa kujifunga kwa mlio unaosikika. Katika kila kituo bonyeza chini kwa nguvu bila kugusa kitufe. Ukizama, springi au pini ni dhaifu, na kazini mkono utashuka sutikesi ikiwa na kilo ishirini.

Kisha usukume kushoto na kulia. Mabomba yanaingia moja ndani ya jingine, kwa hiyo lazima yacheze kidogo, na mkono usiocheza kabisa hukwama mchanga ukiingia. Kinachotia shaka ni bomba moja kucheza zaidi ya mwenzake, au plastiki ya juu kujipinda peke yake huku mabomba yametulia. Bonyeza bomba kwa kidole gumba kwa nguvu. Lisilo na unene wa kutosha huhisi kama kopo la soda.

Jaribio la maana zaidi ni kwa mzigo, na wauzaji wengi watakubali ukiomba kwa heshima. Mwambie akutilie ndani sutikesi ndogo au mabegi mengine, ifike kilo kumi na kitu. Ivute dukani, geuka nayo, ipandishe kizingiti cha mlango na uishushe. Wenye viwanda husema mkono huu ni wa kuvutia, si wa kunyanyulia. Sawa, lakini utingo wa matatu hajasoma hayo, atauvuta huohuo kuingiza sutikesi garini. Kwa hiyo inyanyue kwa mkono huo mara moja dukani, polepole, ukitazama mahali mabomba yanapoingia kwenye ganda. Pakifunguka ufa au pakibonyea, umeshajua.

Usisahau mikono midogo ya juu na ya ubavuni, maana hiyo ndiyo anayoshika hamali. Ivute huku ukiangalia ncha zake. Iliyoshonwa tu kwenye kitambaa, bila bamba wala skrubu upande wa ndani, huanza kung'oka uzi mmoja mmoja. Na wa ubavuni uwepo, kwani sutikesi nzito hupanda ngazi za behewa ikiwa imelala ubavu.

4. Ngumu au laini

Sasa una njia yako mkononi na unajua miguu ya sutikesi, kwa hiyo jibu linakuja lenyewe.

Ngumu si moja. Lebo ya ndani au kadi iliyoning'inizwa huandikwa ABS, PC au PP. ABS ni rahisi kwa bei na ngumu kweli, lakini haipendi kupinda, na ikigongwa pembeni hupasuka. PC ni polikaboneti, hubonyea ikarudi. PP ni polipropilini, nyepesi, nayo hubonyea ikarudi. Ukikuta "ABS+PC", mara nyingi sehemu kubwa ni ABS yenye PC kidogo. Usiamini lebo peke yake: funga sutikesi tupu, ilaze, weka viganja viwili katikati ya ubavu ubonyeze. Ganda zuri huingia ndani kisha hurudi na mlio mdogo bila alama. Likigoma kabisa halafu likaacha mstari mweupe, hiyo ni ABS iliyochoka kabla ya kuanza kazi.

Laini nayo husomwa kwa namba kama 600D au 1680D. D hupima uzito wa uzi kwa urefu fulani, kwa hiyo namba kubwa ni uzi mnene. 600D ya poliesta inatosha begi la safari chache. Kwa buti la basi tafuta 1200D kwenda juu, au nailoni nene. Pembe za chini ziwe na vikinga vya plastiki, kwani hapo ndipo kitambaa husuguana na lami.

Ngumu hulinda vitu vya kuvunjika, hufutwa kwa kitambaa, na kwenye mvua ya masika nguo hubaki kavu, ingawa maji yakipata muda hupenya kwenye zipu. Laini hunywa maji, na ikiwekwa na unyevu humu mwetu huota ukungu ndani ya siku chache. Lakini laini hujibana. Buti la basi la Dar likijazwa, gunia la nazi likiwekwa juu, laini hubonyea na kurudi, na ya ABS hupasuka pembe.

Halafu kuna suala la kufungua, ambalo dukani hakuna anayelifikiria. Sutikesi ngumu nyingi hufunguka katikati kama kitabu, nusu huku na nusu huku, na zote mbili zinahitaji nafasi. Mpakani Lunga Lunga afisa akitaka kuona ndani, na foleni iko nyuma yako, utaitandaza sutikesi nzima na mali zako zote mbele za watu. Laini hufunguka juu tu kama sanduku la zamani, na ina mifuko ya nje ya pasipoti, chaja na khanga ya kujifunikia safarini. Kwa wanaopita mipaka kwa basi, mimi huwaambia laini bila kusita. Kwa anayepanda ndege tu, akakabidhi sutikesi kaunta na kuipokea kwenye mkanda, ngumu ya PC au PP inamfaa zaidi.

5. Zipu

Igeuze ile sehemu inayoteleza, kichwa cha zipu, uangalie nyuma yake. Mara nyingi pameandikwa namba: 5, 8 au 10. Ni takriban upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Zipu kuu ya sutikesi ya kati au kubwa iwe 8 au 10. Namba 5 ibaki kwenye mifuko ya nje.

Iendeshe mzunguko wote kwa mkono mmoja, na pembeni uende taratibu, kwa kuwa zipu hufa kwenye pembe. Isikwame na isihitaji kuvutwa kwa mikono miwili. Rudia ukiwa umejaza vitu hadi ganda limetuna kidogo, maana zipu ya sutikesi tupu haijawahi kumsumbua mtu.

Jua pia udhaifu wake. Zipu ya kawaida ya nailoni hupenywa na ncha ya kalamu ya wino: ukisukuma katikati ya meno yanaachana, mkono unaingia, kisha kichwa kikizungushwa tena meno yanajifunga kana kwamba hakuna kilichotokea. Kufuli ya namba haizuii kalamu kupenya, ila ikifunga vichwa mahali pamoja haviwezi kutembezwa kurudisha meno, nawe angalau utajua palifunguliwa. Zipo zipu za meno mawili, safu moja juu ya nyingine, zilizotengenezwa kukataa kalamu. Kwa anayebeba bidhaa, zinafaa nyongeza ya bei.

Chumvi ya hewa hula vichwa vya chuma, vikatoa unga mweupe na kukaza. Sugua meno kwa kipande cha mshumaa mkavu, endesha zipu mara kadhaa, ufute. Usitie mafuta ya kupikia, yatashika mchanga. Zipu ikianza kufunguka nyuma ya kichwa, meno kwa kawaida hayana kosa: kichwa ndicho kimetanuka. Kibane kidogo kwa plaisi kwenye kingo zake mbili, au fundi akibadilishe peke yake. Kubadilisha zipu nzima kwenye laini ni kazi ya cherehani. Kwenye ngumu imeshonwa kwenye ukingo wa plastiki, na mafundi wengi watakukwepa.

6. Uzito, na hesabu ya wifi yangu

Wifi yangu anauza madera, anakaa Likoni. Hupeleka mzigo Nairobi kwa treni, na mara moja moja huruka kwenda kuchukua mali nje. Alikuwa ameipenda sutikesi ngumu ya inchi 28, dhahabu, magurudumu manne. Muuzaji akamwambia, "Dada, hii hutanunua nyingine tena." Tukaomba mizani ya kuning'iniza. Tupu, kilo 5.1. Kando yake palikuwa na laini ya inchi 25, magurudumu mawili, kitambaa 1200D, zipu namba 10. Hiyo ilikuwa kilo 3.3.

Tiketi nyingi za ndege za daraja la kawaida huruhusu kilo 23 kwa kipande kimoja, na sutikesi yenyewe imo ndani ya hizo. Ya dhahabu inamwachia 17.9. Ile ya pili inamwachia 19.7. Tofauti ni kilo 1.8, na dera moja jepesi ukilihesabu gramu 350, hayo ni madera matano kila safari, yanayosafiri bure au yasiyosafiri.

Saizi nayo ni mtego. Sutikesi ya inchi 28 huchukua kama lita 100. Nguo zilizokunjwa na kubanwa vizuri hufika karibu kilo 0.3 kwa lita. Ukiijaza una kilo 30 za nguo, na utasimama kaunta ukivua madera kwenye sutikesi mbele ya foleni. Ya inchi 25 ina lita 70 hivi, na ikijaa nguo inafika kilo 20 au 21. Ukiongeza uzito wake unakuwa kwenye mpaka wa 23 au umezidi kidogo, jambo unaloweza kulirekebisha nyumbani kwa mizani. Kwa mwenye kubeba nguo, saizi ya kati hujipima yenyewe.

Likoni ikaondoa magurudumu manne, treni na feri zikaondoa ganda la kung'aa, na uzito ukamaliza. Alichopoteza ni ile raha ya kusukuma kwa kidole kwenye vigae, na bado hulalamika bega akishuka Syokimau. Angekuwa anauza vyombo vya udongo badala ya madera, tungezungumza mengine.

7. Ukishainunua

Usilipe kabla ya kufungua mkono, zipu na kufuli ya ile hasa utakayoondoka nayo. Ya maonyesho ni moja, unayopewa kutoka stoo ni nyingine. Namba ya kufuli ibadilishe hapohapo dukani huku muuzaji akikuonyesha.

Baada ya safari ya mchanga au boti, futa magurudumu na mabomba ya mkono kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Ng'oa nywele na nyuzi zilizojizungushia ekseli, hizo huzuia gurudumu hadi likalika upande mmoja. Iache wazi usiku mmoja mahali penye hewa kabla ya kuifunga, na usiihifadhi ndani ya nailoni, kwani unyevu ukishaingia hautoki.

Gurudumu likiisha, usimpelekee fundi maelezo ya mdomo. Ling'oe au lipimie mambo matatu: kipenyo, upana, na tundu la ekseli. Na hata likilika moja, badilisha pea, maana jipya kando ya lililolika huinamisha sutikesi nawe utaivuta ikienda upande hadi Nairobi.